Maji meupe, samaki wanahema juu: kisa cha tangi la siku 19

Picha aliyotuma mwenye tangi ilikuwa moja, imepigwa kutoka mbele, ikifuatana na maelezo mafupi. Tangi la vioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, samaki wa dhahabu watatu, mmoja wa kama sentimita 9 na wawili wa kama sentimita 6. Limewekwa siku 19 zilizopita. Juzi maji yalianza kuwa na ukungu na samaki wakaanza kuhema juu, jana mwenye tangi akayamwaga yote, akaosha kokoto, akasuuza sponji ya filta chini ya bomba mpaka ikatoa maji masafi, kisha akajaza upya. Leo ukungu umerudi, tena mzito kuliko wa juzi. Samaki wote wamejikusanya juu, na yule mkubwa ana vidoti vyeupe shavuni. Ameshauriwa atie dawa ya methilini bluu, na swali lake lilikuwa moja tu: matone mangapi?

Kwa sasa, hata tone moja asitie. Picha hiyo, ikisomwa pamoja na tarehe na yale aliyoyafanya jana, inaelekeza kwenye tangi ambalo halijapata bakteria wa kula amonia, sumu itokayo kwa samaki na chakula kinachooza, na hao wachache waliokuwa wameanza kujenga makazi wameoshwa wakaenda na maji ya bomba. Lakini mtu akiruka moja kwa moja kwenye jibu hilo bila kupita hatua za katikati, kesho atakosea kwenye picha nyingine inayofanana na hii. Kwa hiyo tuanze na kilichoonekana.

Ukungu wenyewe

Maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyozidishwa maji, na weupe huo ulikuwa sawasawa juu mpaka chini. Samaki aliyekuwa karibu na kioo cha mbele alionekana vizuri, magamba yanahesabika; mmea wa plastiki uliokuwa nyuma, sentimita 25 hivi kutoka kioo cha mbele, ulikuwa kivuli tu. Hakuna chembe zilizoonekana zikielea, wala utando wa vumbi juu ya kokoto.

Hayo mawili ya mwisho yana uzito. Vumbi la kokoto ambazo hazikuoshwa vizuri nalo hufanya maji yawe meupe au ya kijivu, lakini vumbi hutulia. Huanza tangi linapojazwa, hupungua saa baada ya saa, na huacha tabaka jembamba chini na juu ya majani. Ukungu huu ulifanya kinyume: asubuhi maji yalikuwa angavu, jioni yakafifia, siku ya pili yakazidi. Kitu kinachoongezeka chenyewe ndani ya maji ni kitu kinachozaliana.

Kinachozaliana na kuyafanya maji yawe meupe, si ya kijani, ni bakteria wanaokula uchafu wa chakula na vinyesi, wakiwa wanaelea huru. Kijani kingekuwa mwani, na mwani huhitaji mwanga mwingi. Maji ya rangi ya kahawia lakini angavu, ambayo unaona nyuma bila shida, kwa kawaida yametiwa rangi na gogo au majani, na hayo hayaumizi samaki.

Kuna tahadhari hapa. Simu hurekebisha rangi na mwangaza yenyewe bila kumuuliza mpigaji. Maji meupe chini ya taa ya manjano huweza kutoka na rangi isiyo yake kwenye picha, na ukungu mwepesi unaweza kufutika kabisa. Upande wa pili, chokaa iliyokauka kwenye kioo au mvuke uliotanda kwa nje huonekana kama ukungu wa maji. Ndiyo maana kabla ya hukumu yoyote aliombwa achote maji kwenye glasi safi isiyo na rangi, aiweke juu ya karatasi nyeupe mchana karibu na dirisha, halafu apige picha kutoka juu na kutoka pembeni. Maji kwenye glasi yalikuwa na weupe hafifu, bila kijani wala manjano. Baada ya glasi kukaa saa 3 bila kuguswa, hakuna kilichotulia chini. Vumbi likaondolewa kwenye orodha.

Samaki: wote kwa pamoja, au mmoja kwanza?

Hili ndilo swali linaloamua mengi kuliko rangi ya maji. Samaki watatu wa ukubwa tofauti walikuwa wote juu, midomo ikigusa uso wa maji, mapezi ya mgongoni yamelala. Mwenye tangi alipoulizwa nani alianza, alijibu kwamba hakumbuki wa kwanza. Aliamka akawakuta wote vile. Tatizo linalowapata wote ndani ya saa chache kwa kawaida liko ndani ya maji. Ugonjwa wa kuambukiza huanza na mmoja, mara nyingi aliye dhaifu, kisha huchukua siku kuwafikia wengine. Kanuni hii ina mipaka yake: minyoo ya mashavuni inaweza kuwa imewaenea wote kabla mtu hajagundua kitu, na amonia nayo inaweza kumwangusha mdogo siku moja kabla ya mkubwa. Inakuelekeza pa kuangalia kwanza, basi.

Kwenye mkia wa mmoja wa wale wadogo kulikuwa na mistari myekundu myembamba ikifuata miiba ya pezi. Wengi wakiona wekundu huo husema ameambukizwa bakteria wa damu. Kwa samaki wa dhahabu, mistari ya namna hiyo ni mishipa ya damu iliyovimba, na hutokea maji yanapomchoma au anapokosa hewa. Inapokuwa mistari mitupu bila kidonda, bila gamba lililonyanyuka na bila ukingo wa pezi uliooza, hiyo ni dalili ya mateso, na chanzo chake hutafutwa kwanza kwenye maji.

Vile vidoti vyeupe ndivyo vilivyomtia hofu mwenyewe, na ndivyo vilivyozaa ushauri wa dawa ya buluu. Ukikuza picha, vilikuwa kwenye kifuniko cha shavu peke yake, vimejipanga kwa utaratibu, vyote saizi moja, na vichache vingine vilikuwa kwenye mwiba wa mbele wa pezi la kifuani. Mwilini hapakuwa na hata kimoja, wala mkiani. Huyo ni dume aliyekomaa na anayetaka kuzaliana; vidoti hivyo ni vipele vya kawaida vya madume wa samaki wa dhahabu. Ugonjwa wa madoa meupe hauna adabu hiyo. Punje zake, mfano wa chumvi, hutawanyika ovyo mwilini, kwenye mapezi na mkiani, nyingine kubwa nyingine ndogo. Tena kwenye maji ya nyuzi 25 na zaidi kimelea chake humaliza mzunguko wa maisha ndani ya takriban wiki moja, kwa hiyo anayesita anaweza kupiga picha ya upande uleule wa samaki kila siku kwa siku 3. Punje zikiongezeka au zikihama mahali, ni ugonjwa. Zikikaa palepale kwa idadi ileile, ni dume.

Pembeni mwa picha, karibu na jiwe la mapambo, kulikuwa na jambo ambalo mwenye tangi hakulitaja: vidonge kama 10 vya chakula vimevimba, viwili kati yake vimeota nyuzi nyeupe. Na juu ya maji, upande inakotokea filta, povu la vijipovu vidogo visivyopasuka haraka. Povu la namna hiyo ni alama ya maji yaliyojaa uchafu wa vitu vilivyooza. Alipoulizwa, alisema hulisha mara 3 kwa siku, na kwamba jana baada ya kuosha tangi aliwaongezea kidogo ili wapate nguvu.

Kwa nini kuosha kulizidisha

Chakula kinachooza na samaki wenyewe hutoa amonia. Kwenye tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Makundi haya hayaelei majini. Hujibandika kwenye sponji, kokoto na vioo, na huzaliana polepole sana: kuongezeka mara mbili huwachukua karibu siku nzima au zaidi. Wale wanaofanya maji yawe meupe wanaweza kuongezeka mara mbili ndani ya saa moja, mradi chakula kipo. Kwa sababu hiyo tangi jipya huhitaji wiki 4 mpaka 6 kabla halijajimudu.

Sasa tazama kazi ya jana. Maji yaliyomwagwa yaliondoa amonia iliyokuwepo, na hilo lilikuwa jema. Lakini sponji ilisuuzwa kwa maji ya bomba yenye klorini, na wale bakteria wachache wa siku 19 waliokuwa wamejibandika waliuawa au wakabanduliwa. Kokoto nazo ziliogeshwa. Kisha samaki walewale wakarudishwa, wakalishwa kuliko kawaida, ndani ya tangi lisilo na wa kulisafisha. Wanaozaliana haraka wakapata karamu peke yao. Ukungu kurudi ndani ya usiku mmoja ukiwa mzito zaidi ndiyo matokeo ya kutarajiwa, na angerudia kuosha vilevile ungerudi tena.

Hao weupe wenyewe si sumu. Wanachodhuru ni hewa: wanapumua oksijeni ileile ya samaki. Maji ya nyuzi 27 tayari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, kwa hiyo tangi lenye ukungu mzito na uso uliotulia linaweza kuwakaba samaki usiku hata kabla amonia haijapanda. Katika kisa hiki mambo yote mawili yalikuwepo.

Vipimo, na namna ya kuvisoma

Picha haioneshi amonia. Hata jicho liwe zoefu kiasi gani, maji yenye sumu ya kuua yanaweza kuwa angavu kabisa, na ushahidi wa hilo utakuja mbele katika kisa hikihiki. Aliombwa apime kwa kipimo cha matone kabla ya kugusa chochote, kwa sababu ukibadilisha maji kwanza unafuta ushahidi. Majibu yalikuwa: amonia miligramu 4 kwa lita, nitriti 0.25, nitrati 5, pH 7.6, joto nyuzi 27. Maji ya bomba yenyewe yalikuwa na pH 7.6 na amonia sifuri.

Ile 4 ni jumla ya amonia ya aina mbili zilizomo majini. Moja ina madhara madogo. Nyingine, ile inayopenya mashavu, ndiyo inayounguza. Mgawanyo wao huamuliwa na pH na joto. Kwa pH 7.6 na nyuzi 27, ile mbaya ni kama asilimia 2.5 ya jumla, yaani takriban miligramu 0.1 kwa lita. Ukitaka samaki wasidhurike polepole, usiiruhusu ivuke 0.02. Kwa hiyo tangi hili lilikuwa limepita mpaka mara tano.

Maji yaleyale, amonia ileile ya 4, lakini pH ikiwa 8.2, ile mbaya hupanda mpaka karibu asilimia 9, zaidi ya miligramu 0.35. Hapo samaki hawangekuwa wanahema, wangekuwa wamelala chini. Anayejaribu kuokoa tangi la namna hii kwa kutia kitu cha kupandisha pH anaweza kuwamaliza kwa mkono wake. Na anayebadilisha maji lazima kwanza ajue pH ya maji mapya. Ikiwa iko juu sana kuliko ya tangini, abadilishe kidogokidogo, robo kwa robo, badala ya nusu nzima kwa mara moja.

Nitriti ya 0.25 ilithibitisha umri wa tangi: kundi la kwanza la bakteria lilikuwa limeanza kazi kidogo, la pili bado.

Klorini ilibidi iulizwe pia, maana samaki waliowekwa kwenye maji ya bomba yasiyotibiwa nao huhema juu ndani ya saa chache. Alijibu kwamba maji yalilala kwenye ndoo usiku kucha. Klorini ya kawaida huruka yakikaa wazi hivyo kwa saa 24, hasa yakitiwa hewa, lakini kloramini, ambayo baadhi ya mitambo ya maji huitumia, hairuki. Kilichoamua hapa ni mpangilio wa siku: ukungu na kuhema vilianza kabla ya maji kubadilishwa. Kwa hiyo klorini, kama ilikuwepo, ilichangia tu. Hata hivyo aliambiwa maji yote ya kuanzia siku hiyo yatiwe dawa ya kuondoa klorini, bila kutegemea ndoo.

Kilichofanywa siku ya kwanza

Hewa ndiyo ilitangulia, kwa sababu ndiyo inayookoa ndani ya dakika. Hakuwa na pampu ya hewa, kwa hiyo alipunguza maji sentimita 3 ili mdomo wa filta ubaki juu na maji yaporomoke yakivunja uso. Uso unaochafuka ndipo hewa inapoingilia. Vipovu vya pampu navyo kazi yake kubwa ni kuutikisa huo uso.

Kisha chakula kikasimamishwa kabisa. Samaki wa dhahabu mwenye afya ya wastani hukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike, na kila punje inayoingia kwenye tangi la namna hii ni amonia ya kesho. Vile vidonge vilivyoota nyuzi vilinyonywa kwa mpira pamoja na uchafu wa pembeni mwa jiwe.

Maji yaliyomo, ukitoa kokoto na nafasi ya juu, yalikuwa kama lita 45. Alitoa nusu, lita 22 hivi, akarudisha kiasi hicho kikiwa na joto lisilopishana na la tangini kwa zaidi ya nyuzi 2, kimetiwa dawa ya kuondoa klorini. Pale dawa inapotiwa moja kwa moja tangini badala ya kwenye ndoo, hupimwa kwa lita zote 45, si kwa zile zilizoongezwa peke yake. Filta haikuguswa. Hilo alisisitiziwa mara mbili, kwa sababu sponji yenye tope kidogo humfanya mtu mwenye bidii ashikwe na hamu ya kuisuuza.

Kuhusu methilini bluu, sababu ya kuikataa haikuwa tu kwamba hakukuwa na ugonjwa wa kuitibu. Dawa hiyo hudhuru bakteria wa filta. Kuitia kwenye tangi ambalo shida yake ni upungufu wa bakteria hao ni kurudisha saa nyuma kwa wiki kadhaa, na rangi yake huficha ukungu ambao ndio uliokuwa ukifuatiliwa. Inapohitajika kweli, mahali pake ni ndoo ya pembeni yenye samaki mgonjwa peke yake. Dawa za kuua bakteria nazo, zikitiwa ovyo tangini, zina hatari hiyohiyo.

Kifo cha usiku wa pili

Mdogo aliyekuwa na mistari myekundu alikufa. Mwenye tangi aliona hilo kuwa uthibitisho kwamba kulikuwa na ugonjwa uliopuuzwa, na hoja yake ilistahili jibu. Mashavu yaliyoungua hayaponi siku maji yanapopona. Samaki aliyekwisha kuumia anaweza kufa siku 2 au 3 baadaye katika maji mazuri. Vipimo vya siku hiyo vilionesha amonia 2.5: nusu iliondoka, na samaki pamoja na uchafu uliobaki wakazalisha 0.5 nyingine usiku. Ikabadilishwa nusu tena, ikashuka mpaka karibu 1.25.

Alifunua kifuniko cha shavu la yule aliyekufa akapiga picha. Jambo hili lina maana likifanywa ndani ya muda mfupi, kabla rangi haijapauka. Mashavu yalikuwa mekundu sana, yamevimba na yana ute mwingi. Yangekuwa ya kahawia, nitriti ingeshukiwa. Yangekuwa meupe yaliyopauka, vimelea au upungufu wa damu. Ute na wekundu vinakubaliana na kuungua kwa amonia, ingawa minyoo ya mashavu pia hufanya vivyo hivyo, na kuitofautisha kunahitaji darubini. Kilichofanya minyoo iwekwe pembeni ni kwamba wawili waliobaki, bila dawa yoyote, walikuwa wameacha kuhema kufikia jioni ya siku ya tatu. Minyoo haiondoki kwa kubadilishiwa maji. Wangeendelea kuhema huku amonia na nitriti ziko karibu na sifuri, hukumu ingegeuka na dawa ya minyoo ingefuata.

Picha ya pili: maji angavu, samaki wagonjwa

Siku ya 5 ukungu ulitoweka. Hakuna kilichouondoa zaidi ya njaa: chakula chake kilikwisha. Mwenye tangi alituma picha nzuri, mmea wa nyuma unaonekana jani kwa jani, akauliza kama sasa anaweza kuacha kupima. Amonia siku hiyo ilikuwa 1. Akaambiwa aendelee kubadilisha theluthi moja ya maji kila siku, na aanze kulisha mara moja kwa siku kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2.

Siku ya 9 samaki wakarudi juu. Maji yalikuwa angavu kuliko wakati wowote. Picha hiyo, ingetumwa peke yake kwa mtu asiyejua historia, ingemfanya atafute ugonjwa. Vipimo: amonia 0.25, nitriti 2. Kundi la kwanza la bakteria lilikuwa limekomaa na kugeuza sehemu kubwa ya amonia kuwa nitriti, na kundi la pili halijafika. Nitriti huingia kwenye damu kupitia mashavu na kuifanya isiweze kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki hukosa pumzi hata maji yakiwa na hewa tele. Hapa pampu ya hewa peke yake haitoshi.

Chumvi ndiyo inayosaidia, na sababu yake ni ya moja kwa moja: kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindania mlango uleule wa shavuni ambao nitriti huupitia. Kiasi kilichotumika ni gramu 1 kwa lita, yaani gramu 45 za chumvi ya kawaida, zilizoyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kumiminwa polepole ndani ya saa moja, baada ya kubadilisha nusu ya maji. Chumvi hairuki na maji yanayokauka. Kwa hiyo maji yakipungua kwa kukauka hujaziwa bila chumvi, na yanapobadilishwa hutiwa chumvi kwa kiasi cha lita mpya tu. Lita 15 mpya, gramu 15. Wanaokosea hapa hutia kipimo cha tangi zima kila mara na baada ya wiki wana maji ya chumvi nyingi. Samaki wa dhahabu huvumilia kiwango hiki bila shida, lakini mimea hai na baadhi ya samaki wasio na magamba wangehitaji uangalifu zaidi.

Kesho yake walikuwa wakiogelea katikati ya maji.

Siku hizohizo mwenyewe alituma picha ya tatu, akiwa na wasiwasi mpya: ukingo wa mkia wa dume ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Weusi huo ulikuwa laini, umelala kwenye ngozi, na pezi halikuwa limepungua urefu. Kwa samaki wa dhahabu, weusi unaojitokeza baada ya amonia kushuka ni ngozi inayopona mahali ilipoungua, na hufifia wenyewe kwa wiki chache. Pezi linalooza huwa na ukingo mweupe uliochanika, na ukilinganisha picha za siku mbili unaona limefupika. Ushauri ukawa ni kupiga picha ya mkia huo kila baada ya siku 2, samaki akiwa pembeni kabisa na taa ya simu imezimwa, na kutofanya kingine.

Kama lingekuwa bwawa

Mantiki ni ileile, lakini ushahidi hubadilika. Bwawa la nje lenye kijani ni la kawaida, na samaki wanaohema juu alfajiri kisha wakatulia jua likipanda wanaonesha kwamba mwani na viumbe vingine vimemaliza oksijeni usiku. Picha ya mchana wa bwawa hilo haitakuonesha kitu. Omba ya saa 12 asubuhi. Maji ya udongo baada ya mvua yawekwe kwenye chupa angavu mpaka kesho yake. Tope la kawaida litakuwa limeshuka, wakati udongo wa mfinyanzi unaweza kubaki ukielea kwa siku nyingi. Na pH ya bwawa la kijani hupanda sana alasiri, hivyo amonia iliyopimwa asubuhi inaweza kuwa mbaya maradufu jioni bila kuongezeka hata kidogo.

Mwisho wa vipimo

Siku ya 24 tangu picha ya kwanza, tangi likiwa na siku 43, amonia ilisoma sifuri, nitriti sifuri, nitrati 20, kwa siku 3 mfululizo. Hapo ubadilishaji wa kila siku ukasitishwa na kuwa nusu ya maji kila wiki, na chumvi ikaachwa ipungue yenyewe kwa kila ubadilishaji. Sponji itaoshwa pale tu mtiririko wa filta utakapopungua, kwa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, na kokoto hazitaguswa wiki hiyohiyo.

Liko jambo moja ambalo mwenye tangi hakuuliza, ila picha ya kwanza ilishalionesha. Lita 45 hazimtoshi samaki wa dhahabu wa sentimita 9 ambaye bado anakua, sembuse wawili. Filta imekomaa na vipimo viko sifuri, lakini wakiongezewa chakula kidogo tu au wiki moja ya kubadilisha maji ikirukwa, nitrati na uchafu vitapanda upesi. Alishauriwa tangi la lita 150 au zaidi, na atakapolipata ahamishe filta hiyohiyo na sponji yake ikiwa imelowa, bila kuisuuza, siku ileile anayohamisha samaki.